Majina Mengi, Utangulizi Mmoja

Hakuna ukurasa kitabuni unaosomwa na watu wachache kama ule wa shukrani, na hakuna unaosomwa kwa makini kama huo. Msomaji wa kawaida akikuta aya inayoanza na "Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa..." hufunua mbele bila kujiuliza mara mbili. Aliyeshiriki kazi hufanya kinyume. Huteremsha kidole mstari kwa mstari akitafuta jina lake, na asipoliona, utasikia habari hiyo msibani na harusini kwa miaka.

Mwandishi wa utangulizi anaandikia watu hao wawili kwa mpigo, na ugumu unazidi pale shukrani zinapokuwa hazina ukurasa wake. Ndivyo ilivyo kwenye kamusi, ripoti za utafiti, vitabu vya historia ya mji na vitabu vingi vilivyoandikwa na kamati. Utangulizi una shughuli zake: kueleza kazi ni ipi, ilipatikanaje, ina mipaka gani. Katikati ya maelezo hayo ghafla yanamwagwa majina 30 na vyeo vyake, na maelezo yanasimama kupisha msafara.

Jukwaani tumeshajipatia dawa. Mzungumzaji anawataja mgeni rasmi na wawili watatu, kisha anasema "itifaki imezingatiwa" na mkutano unaendelea. Pale inafaa, maana wahusika wameketi mbele, wanaonekana, na mshereheshaji ameshawatambulisha. Kwenye karatasi fomula ya namna hiyo haimwoni mtu yeyote. Ndugu yake wa maandishi ni ile sentensi iliyoota mizizi katika tasnifu na ripoti zetu, ya kuwashukuru wote waliosaidia "kwa namna moja ama nyingine". Namna hiyo moja ni ipi, na hiyo nyingine ni ipi? Hapo ndipo penye habari ambayo msomaji angependa kuisoma, na ndipo mwandishi alipoiacha.

Nimeipenda kazi moja kama shule ya jambo hili, kwa sababu wasaidizi wake walikuwa wengi kupita kiasi: Kamusi ya Kiingereza ya Oxford. Wazo lake lilianzia katika Chama cha Filolojia cha London mwaka 1857, na kuanzia 1879 mhariri wake alikuwa James Murray, aliyekuwa mwalimu wa shule. Murray alijenga kibanda cha mabati kwenye kiwanja cha nyumba yake, akakijaza visanduku vya kupangia karatasi, kisha akatoa tangazo la kuomba watu wajitolee kusoma vitabu. Kila msomaji alipaswa kunakili sentensi yenye neno fulani kwenye kipande cha karatasi, aandike kitabu, mwandishi, mwaka na ukurasa, halafu akitume kwa posta. Karatasi zilifika kwa mamilioni. Sehemu ya kwanza ya kamusi ilitoka 1884, juzuu la kwanza, la herufi A na B, likakamilika 1888, na kamusi nzima ilimalizika 1928, Murray mwenyewe akiwa amefariki tangu 1915.

Juzuu la 1888 lilihitaji utangulizi, na utangulizi huo ulipaswa kuwashukuru watu zaidi ya elfu. Murray aliwagawa. Wachache aliwaeleza ndani ya maelezo ya jinsi kazi ilivyofanyika. Wengine aliwaweka kwenye orodha ya wasomaji iliyosimama peke yake, nje ya mtiririko. Mgawanyo huo unaonekana rahisi ukishafanywa na mtu mwingine. Ukiwa na majina yako mwenyewe mezani, kila mmoja anaonekana anastahili kuwa juu.

Tuchukue majina machache ya kazi ile tuone tofauti. Kwanza niyaandike kama tulivyozoea:

"Napenda kutoa shukrani zangu za dhati kwa Bw. Thomas Austin, Bw. William Douglas, Dkt. W. C. Minor, Bw. Fitzedward Hall, Bw. Henry Hucks Gibbs, Bi. Edith Thompson na nduguye Bi. Elizabeth Thompson kwa mchango wao mkubwa uliofanikisha kazi hii. Aidha, nawashukuru wote ambao kwa namna moja ama nyingine walisaidia."

Haina kosa la sarufi wala la adabu. Sasa fanya jaribio dogo: mhamishe Hall mahali pa Austin, na Gibbs mahali pa Minor. Sentensi haikutikisika, na bado ni kweli. Jina linaloweza kuhamishwa bila kuharibu chochote halijafanya kazi yoyote pale lilipo, na jicho la msomaji hulijua hilo mapema kuliko akili yake, ndiyo maana linaruka.

Sasa nijaribu tena kwa majina yaleyale, kana kwamba mimi ndiye ninayetunga utangulizi wa juzuu lile. Maneno ni yangu, habari ni za kazi yenyewe:

"Kamusi hii imejengwa kwa vipande vya karatasi, na safari ya kila kipande ilianza kwa msomaji aliyejitolea. Thomas Austin peke yake alituma vipande 165,000, na William Douglas wa London 136,000. Dkt. W. C. Minor alifuata njia yake: alisoma vitabu vyake akijitengenezea faharasa ya maneno, akangoja tumwambie tumefikia neno gani, kisha akatutumia sentensi za neno lilelile, wiki baada ya wiki. Vipande vikishapangwa na maana kuandikwa, ukurasa ulichapwa kwa majaribio na kwenda kwa macho mengine. Fitzedward Hall, mwanazuoni wa Kimarekani anayeishi Suffolk, hukaa na prufu hizo saa kadhaa kila siku na kuzirudisha zikiwa na sentensi za zamani kuliko tulizokuwa nazo. Henry Hucks Gibbs, aliyepata kuwa Gavana wa Benki ya Uingereza, huzisoma pia, na ndiye aliyesimama kati yetu na wachapishaji mambo yalipokuwa magumu. Edith Thompson wa Bath alianza kama msomaji, akituma pamoja na nduguye Elizabeth vipande 15,000, na leo ni miongoni mwa wanaotusomea prufu. Majina ya wasomaji wengine wote yako kwenye orodha mwishoni mwa utangulizi huu."

Majina ni yaleyale saba. Neno "shukrani" halimo hata mara moja, ila hakuna kati ya hao saba ambaye angesema hakushukuriwa. Kilichobadilika ni kwamba aya imepata kitu cha kufuata. Msomaji anaifuata karatasi kutoka kwa msomaji wa kitabu, hadi kibandani, hadi kwenye prufu, na kila inapopita anakutana na mtu aliyeishika. Jina linafika likiwa limeshikilia kitenzi chake: alituma, alijitengenezea, huzirudisha, alisimama. Ukijaribu sasa kuwahamisha Hall na Austin, aya inasema uongo.

Tazama pia kwamba hawakusifiwa wote kwa kipimo kimoja. Austin ana hesabu. Minor ana utaratibu. Hall ana saa zake za kila siku. Edith Thompson ana safari, kutoka kazi moja hadi nyingine. Sifa zetu za kawaida, "mchango mkubwa", "moyo wa kujitolea", "ushirikiano wa hali ya juu", zinachosha kwa sababu zote ni kipimo kimoja kinachogawiwa watu kumi. Na zina madhara mengine: ukishasema mchango wa kumi hawa ni mkubwa, wa kumi na moja uliyemwandikia "mchango wake" tupu atauliza kwa nini wake haukuwa mkubwa. Nambari 165,000 haimwudhi mtu, maana hakuna anayedai alituma zaidi.

Swali linalofuata ni nani aingie kwenye maelezo na nani abaki kwenye orodha. Hapa cheo ni mshauri mbaya. Mimi hutumia kigezo kimoja: je, naweza kumwandikia mtu huyu sentensi ambayo ni yake peke yake? Nikiweza, na sentensi hiyo ikamsaidia msomaji kuelewa kazi ilivyofanyika, anaingia. Nisipoweza, anakwenda kwenye orodha, hata kama ninampenda. Kigezo hiki kinaleta matokeo ambayo kigezo cha cheo hakileti.

Chukua ripoti ya utafiti wa kaya, kazi inayofanywa kila mwaka katika wilaya zetu. Kwa mazoea, utangulizi wake utaanza na mkurugenzi, washuke wakuu wa idara, waje waratibu, na mwisho kabisa "madereva na wadadisi wote". Jaribu kuufuata mwendo wa dodoso badala ya mwendo wa vyeo. Dodoso lilitungwa mjini, likajaribiwa kijijini, na ndipo Fulani, mdadisi, alipogundua kwamba swali la chakula cha jana linajibiwa kwa aibu mbele ya wageni, akapendekeza liulizwe jikoni. Mvua zilipokata barabara, dereva Fulani aliijua njia ya juu, na vijiji vilivyokuwa karibu kuachwa vikafikiwa. Takwimu zilipoingizwa, Fulani aliona umri wa watu unarundikana kwenye 30, 40 na 50, akazirudisha fomu hizo kwa waliozijaza. Katika sentensi tatu msomaji amejifunza mambo ya maana kuhusu takwimu atakazozisoma: kwa nini majibu ya chakula yanaaminika, kwa nini vijiji vya mbali vimo, na umri ulisahihishwaje. Shukrani zimegeuka kuwa sehemu ya maelezo ya mbinu za utafiti, mahali ambapo utangulizi ulikuwa lazima ufike hata hivyo.

Na mkurugenzi je? Hatuishi hewani. Kwetu mkubwa asipotajwa si yeye tu anayeudhika, na walio chini yake huona wamevunjiwa heshima pamoja naye. Njia iliyo safi ni kumpa dibaji aiandike yeye na kuisaini, jambo ambalo vitabu vingi vya Kiswahili hulifanya tayari. Akishakuwa na ukurasa wake, utangulizi unabaki huru. Mfadhili naye hahitaji aya: sentensi inayosema fedha zilitoka wapi ni habari ambayo msomaji anaihitaji ili kupima kazi, kwa hiyo iandikwe kama habari. Penye vyeo, chagua utaratibu mmoja. Ama kila mtu awe na Bw., Bi., Dkt. au Mhe. yake, ama asiwepo hata mmoja mwenye nacho. Ukurasa ambao wawili ni "Dkt." na wa tatu, mwenye shahada ileile, ni jina tupu, una kesi ndani yake.

Idadi ya majina kwa aya moja haina sheria, ila sikio linajua. Soma kwa sauti. Ukijikuta unavuta pumzi katikati ya majina, au sauti imeanza kuimba kama mwalimu anayeita mahudhurio, umepita mpaka. Kwa uzoefu wangu jina la nne mfululizo bila kitenzi kati yake ndilo linalomwangusha msomaji. Dalili nyingine ni mwanzo wa sentensi: "Namshukuru... Pia namshukuru... Vilevile namshukuru... Aidha..." Zinapofuatana hivyo, jua kinachozisogeza ni viunganishi tu, habari haipo.

Orodha isidharauliwe. Watu wanadhani kuwekwa kwenye orodha ni kuwekwa uani, kwa hiyo wanaificha ndani ya aya kwa kutenganisha majina 40 kwa mikato. Hapo inakosekana faida ya pande zote mbili: haisomeki kama aya, wala haitafutiki kama orodha. Iache iwe orodha wazi, jina moja kwa mstari au katika safu mbili, yenye kichwa kinachosema hawa walifanya nini, na yenye mpangilio uliotajwa. Mpangilio wa alfabeti ndio unaozima maneno, mradi useme unafuata jina gani. Kwetu watu huitana kwa jina la kwanza, na jina la mwisho mara nyingi ni la baba au babu, kwa hiyo kupanga kwa jina la kwanza hakuna ubaya wowote. Ukipanga kwa jina la mwisho bila kusema, mtu atajitafuta kwenye A, asijione, afunge kitabu.

Kuna kazi ambazo orodha ndiyo pekee inayowezekana. Mwaka 2015 makundi mawili ya wanafizikia wa maabara ya CERN, ATLAS na CMS, yalichapisha pamoja makala kuhusu uzito wa chembe ya Higgs. Ilikuwa na waandishi 5,154. Katika kurasa zake 33, kurasa 9 zilieleza utafiti pamoja na marejeo yake, na 24 zilibeba majina ya watu na taasisi zao. Hapo hakuna ufundi wa sentensi utakaosaidia, na wenyewe hawakujaribu.

Yote haya yanategemea jambo linalofanyika mapema sana kabla ya kuandika, nalo ni kujua nani alifanya nini. Murray alikuwa na daftari za anwani. Sarah Ogilvie, mtafiti aliyezikuta katika hifadhi ya kampuni ya uchapishaji ya Oxford na kuandika juu yake katika kitabu chake cha 2023, anaonyesha jinsi mhariri huyo alivyoandika kwa kila msomaji vitabu alivyopewa, idadi ya vipande alivyotuma na tarehe vilipofika. Aliweka hata maoni yake, na baadhi si ya kupendeza: kuna wasomaji aliowaandika kuwa hawafai kitu. Ndiyo maana wakati wa utangulizi aliweza kutaja hesabu badala ya "mchango mkubwa". Hakukumbuka, alifunua daftari.

Kwenye miradi yetu wakati wa shukrani hufika usiku wa kuamkia kwenda kwa mpigachapa, na mratibu anaandika kutoka kichwani. Kichwa kinakumbuka waliohudhuria kikao cha mwisho. Kinamsahau aliyefanya kazi miezi mitatu ya mwanzo akahama, na kinawasahau walio karibu mno kiasi cha kutoonekana. Nyumbani kwa Murray watoto wake 11 walipanga vipande vya karatasi kwa alfabeti kwa malipo ya senti za mfukoni. Kila ofisi ina watoto wa namna hiyo, wa umri wowote: anayechapa, anayefungua ofisi alfajiri, anayejua faili liko wapi. Daftari dogo lenye safu tatu, jina kama mwenyewe anavyoliandika, alichofanya, na lini, likifunguliwa siku ya kwanza, linatosha. Safu ya jina ina umuhimu wake. Mwanahamisi na Mwana Hamisi, Salehe na Swaleh, Mohamed na Muhammad: mwenye jina aliulizwa au alikisiwa?

Tena aulizwe kama anataka kutajwa. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba inashauri waandishi wapate ruhusa ya maandishi kwa wanaowashukuru, kwa sababu jina kwenye shukrani linaweza kusomeka kana kwamba mtu huyo anakubaliana na yote yaliyoandikwa. Katika utafiti wa migogoro ya ardhi, au wa maradhi ambayo watu huyanong'oneza, jina la aliyewapokea wadadisi linaweza kumletea matatizo kijijini. Huyo anashukuriwa ana kwa ana.

Na hata anayetajwa hatajwi kwa yote. Dkt. Minor alikuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyemuua mtu mjini London akiwa na maradhi ya akili, na vipande vyake vyote alivituma kutoka Broadmoor, hospitali ya wafungwa wenye maradhi hayo. Murray alimsifu kwa kazi yake ya kila wiki bila kugusa habari hiyo. Msomaji wa kamusi alihitaji kujua sentensi zimetoka wapi. Chumba alichokaa aliyezinakili hakikumhusu.

Ikitokea jina limeachwa na kitabu kimeshatoka, usingoje toleo la pili. Nakala ya kielektroniki hurekebishwa siku hiyohiyo. Kwa nakala zilizokwisha chapwa, karatasi ndogo ya masahihisho hubandikwa ndani ya jalada, yenye jina na kitenzi chake kamili, si "tunaomba radhi kwa kumsahau Fulani" peke yake. Kabla ya karatasi hiyo kwenda kuchapwa, mwenye jina aisome kwanza.